Neno "tathmini" mara mbili: mtoto wa Kibirizi na slaidi sita za mpango wa uuguzi

Slaidi ninazofundishia mpango wa uuguzi ni sita, zote zimeandikwa kwa Kiingereza, na kila mwaka ninapofika ya mwisho kuna mwanafunzi atakayenyosha mkono na kuuliza swali lile lile: "Madamu, hii si ndiyo ile ya pili?" Anauliza kwa sababu darasani, hapa Kigoma, tunafundishana nusu kwa Kiingereza na nusu kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili hatua ya kwanza na hatua ya mwisho zote mbili zimezoea kuitwa tathmini. Unamtathmini mgonjwa anapofika, kisha unatathmini huduma uliyompa. Zamani nilikuwa nasahihisha kwa haraka, nikisema ya kwanza tuite uchunguzi wa awali na ya mwisho ndiyo ibaki kuwa tathmini, kisha nasonga mbele. Siku hizi siharakishi tena, kwa kuwa nimegundua kwamba kosa hilo la lugha limebeba ukweli ambao slaidi zenyewe hazikuuweka wazi: mambo utakayoyaangalia mwishoni ni yale yale uliyoyaangalia mwanzoni, na ambacho hukukiangalia asubuhi hutaweza kukitathmini mchana.

Ili jambo hilo lionekane, ninatumia mgonjwa mmoja tu kutoka slaidi ya kwanza hadi ya sita. Nimemtunga mwenyewe kutokana na watoto wengi niliowahudumia, nami hapa nitamweleza kama ninavyomweleza darasani. Ni mtoto wa kiume wa miezi 14, ameletwa na mama yake na bibi yake kutoka Kibirizi, pale wanapoanika dagaa. Amefika wodini saa 3 asubuhi. Tangu jana anaharisha maji.

Slaidi ya kwanza ina mduara wa mishale mitano na ninaipita upesi. Inataja hatua tano ambazo kila muuguzi duniani amezikariri: kukusanya taarifa, kutambua tatizo, kupanga, kutekeleza na kutathmini. Mduara huo unapendeza, ila una upungufu mmoja ambao nitaurudia baadaye, kwamba mshale wa mwisho umechorwa kana kwamba lazima urudi mwanzo kabisa.

Slaidi ya pili inagawa taarifa katika makundi mawili: zile anazosema mgonjwa au ndugu yake, na zile anazoziona, kuzipima au kuzigusa muuguzi mwenyewe. Mgawanyo huu wanafunzi huuelewa bila shida. Kinachowashinda ni kujua waache nini. Nikiwapa fomu tupu na nikawasimulia habari za mtoto huyu, wengi hujaza ukurasa mzima: dini ya mama, idadi ya ndugu, chanjo, joto, mapigo ya moyo, rangi ya kinyesi, aina ya nyumba. Sisemi kwamba taarifa hizo hazina kazi. Lakini kwa mtoto anayeharisha kuna ishara nne zinazoamua mambo, na mwongozo wa matibabu ya watoto ambao sote tunaufahamu kwa jina la IMCI umezitaja: hali yake kwa jumla, macho yake, namna anavyokunywa, na namna ngozi ya tumbo inavyorudi baada ya kufinywa.

Mtoto wetu hatulii. Analia ovyo, anajinyonganyonga mikononi mwa bibi yake, lakini ana fahamu na anakutazama. Macho yamebonyea, na nilipomuuliza mama yake kama ndivyo yalivyo siku zote alisema hapana, yameingia ndani tangu usiku. Kumuuliza mama ni lazima, kwa sababu wapo watoto wenye macho ya hivyo kwa maumbile. Anapoonyeshwa kikombe anakirukia na akinyang'anywa analia zaidi. Ngozi ya tumbo inarudi taratibu.

Hapo kwenye ngozi huwa nasimama kwa dakika nyingi, maana ndipo mahali ambapo wanafunzi huandika jibu la kukisia. Mtoto alale chali, mikono imelala ubavuni, miguu imenyooka. Ngozi hufinywa katikati ya kitovu na ubavu, kwa kidole gumba na cha shahada, si kwa ncha za vidole kwani hizo humuumiza. Mkunjo wa ngozi ufuate urefu wa mwili, kutoka juu kwenda chini, wala usikate tumbo kwa upana. Shikilia kwa sekunde moja, achia, kisha tazama. Ikirudi papo hapo, hiyo ni kawaida. Mkunjo ukionekana hata kwa muda mfupi baada ya kuachia, imerudi taratibu. Ukibaki kwa zaidi ya sekunde 2, imerudi taratibu mno, na hapo tunazungumzia mtoto mwingine kabisa, anayehitaji dripu haraka. Kipimo hiki pia hudanganya: mtoto aliyekonda sana ngozi yake hurudi taratibu hata kama maji yapo, na mtoto mnene ngozi yake huweza kurudi upesi hata kama maji yamepungua. Kwa hiyo mtoto wetu tulimpima pia mzunguko wa mkono, tukapata milimita 128, na tukatazama nyayo kama zimevimba, hazikuvimba. Ungekuwa chini ya milimita 115, au nyayo zingekuwa na uvimbe, tungekuwa na utapiamlo mkali, na maji yake yasingetolewa kwa utaratibu nitakaoueleza hapa.

Dalili mbili au zaidi kati ya zile nne zinatosha kumweka katika kundi la upungufu wa maji wa kiasi. Yeye anazo zote nne kwa kiwango hicho cha kati. Hajalegea wala kupoteza fahamu, na anakunywa, kwa hiyo hayumo katika kundi la hatari kubwa. Uzito wake, akiwa hana nguo hata moja, ni kilo 8. Nasisitiza hana nguo, kwa sababu nguo alizofungiwa zilikuwa zimelowa, na uzito huo tutauhitaji tena mchana kwenye mzani ule ule.

Zimebaki taarifa mbili kutoka kwa mama. Ya kwanza, hajui mtoto amekojoa lini. Nguo zililowa kinyesi cha maji, na mkojo hauonekani ndani yake. Ya pili aliisema kwa sauti ndogo, baada ya bibi kumtazama: tangu jana mchana ameacha kumnyonyesha, kwa kuwa ameambiwa kwamba maziwa yake ndiyo yanayomharisha mtoto.

Slaidi ya tatu ni utambuzi wa kiuguzi, na ndiyo inayowatoa jasho watu. Daktari ameshaandika kwenye faili kwamba mtoto ana kuhara kwa maji na upungufu wa maji wa kiasi. Mwanafunzi anaona jambo limekwisha, anayanakili maneno hayo kwenye safu yake, na mpango wote unaofuata unakosa mwenyewe. Majina tunayoyatumia katika safu hii yana historia yake: mwaka 1973 wauguzi wa Marekani walikutana katika jiji la Saint Louis ili kuanza kuyaorodhesha matatizo ambayo muuguzi anayatambua na kuyashughulikia kwa mamlaka yake mwenyewe, na kutokana na kazi hiyo ndipo ilipopatikana orodha ya NANDA ambayo vyuo vyetu vinaifuata. Swali la kujiuliza kwenye safu hii ni hili: kitu gani kwa mtoto huyu ninaweza kukibadilisha mimi, kwa mikono yangu, katika zamu hii?

Jibu huandikwa kwa sehemu tatu, yaani tatizo, chanzo chake, na dalili zinazothibitisha. Kwa mtoto wetu: upungufu wa majimaji mwilini, unaotokana na kupoteza maji kwa kuhara pamoja na kusimamishwa kunyonya, unaothibitishwa na macho kubonyea, kiu kali, kutotulia, na ngozi ya tumbo kurudi taratibu.

Itazame sehemu ya katikati. Mwanafunzi akiandika kwamba chanzo ni maambukizi ya tumbo, sentensi inakuwa sahihi kitabibu lakini haimpi muuguzi kazi yoyote, kwa sababu maambukizi yenyewe yako mikononi mwa tabibu. Akiandika kwamba chanzo ni kupoteza maji na kusimamishwa kunyonya, kazi mbili zinajitokeza zenyewe: kurudisha maji kwa kiwango kinachozidi yanayopotea, na kumrudisha mtoto kwenye titi. Chanzo ndicho kinachozaa hatua za utekelezaji, na ndiyo maana chanzo kilichoandikwa vibaya hukutana nawe tena kwenye slaidi ya tano, ukiwa umekaa mbele ya safu tupu hujui uandike nini.

Mtoto huyu anastahili utambuzi wa pili, nao unamhusu mama: upungufu wa maarifa kuhusu ulishaji wa mtoto anayeharisha, unaotokana na kuambiwa kwamba maziwa ya mama husababisha kuhara, unaothibitishwa na kuacha kunyonyesha tangu jana mchana. Wapo wanaoongeza wa tatu, yaani hatari ya ngozi ya makalio kuchubuka. Nakubaliana nao, ila sikubaliani nao wanapouandikia dalili. Hatari ni jambo ambalo bado halijatokea; likiwa na dalili si hatari tena, ni tatizo. Utambuzi wa hatari huwa na sehemu mbili tu, na kila mwaka nasahihisha karatasi ambazo makalio "yako hatarini kuchubuka kama inavyothibitishwa na mchubuko".

Slaidi ya nne inasema lengo liwe mahususi, lipimike, na liwe na muda. Wanafunzi huikariri sentensi hiyo vizuri sana, kisha wanaandika: "Mgonjwa atarudishiwa maji mwilini." Au wanaandika: "Nitampa ORS mililita 600," yaani ule mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kunywa. La kwanza halipimiki. La pili linapimika, lakini ni kazi ya muuguzi na si hali ya mtoto, na mtoto anaweza kupewa mililita 600 zote akazitapika, lengo likahesabika limefikiwa huku yeye akizidi kukauka.

Hapa ndipo ninapowarudisha kwenye slaidi ya pili na kuwaambia wazigeuze zile dalili. Kila dalili iliyothibitisha tatizo asubuhi igeuzwe kuwa hali tunayotaka kuiona mchana. Ngozi ilirudi taratibu, basi ifikapo saa 7 mchana irudi papo hapo. Alikuwa hatulii, basi awe ametulia. Alikinyakua kikombe kwa kiu, basi anywe kama kawaida. Mkojo haukujulikana, basi awe amekojoa walau mara moja na aliyeuona awepo. Uzito wake uwe umezidi kilo 8. Muda wa saa 4 nao haukuokotwa: matibabu ya kundi hili, yale tunayoyaita Mpango B, hutolewa kwa saa 4 kisha mtoto hupimwa upya. Lengo linaloandikwa kwa namna hii linakuwa ni fomu ya tathmini iliyojazwa nusu, imebaki safu ya majibu tu.

Huo mkojo umetufundisha kitu kingine. Ukiandika kwamba mtoto akojoe, ni lazima pia upange namna ya kuuona, vinginevyo saa 7 utakuwa na nguo nyingine iliyolowa na jibu lile lile la asubuhi. Kwa mtoto wa kiume wetu jambo lilikuwa rahisi: alilazwa juu ya mpira uliotandikwa kitambaa chepesi, bila kufungiwa nepi, na bibi akapewa kazi ya kumwangalia. Mabibi hufanya kazi hiyo kwa uaminifu kuliko sisi.

Sasa utekelezaji. Mpango B unataka mililita 75 za ORS kwa kila kilo ya uzito, kwa saa 4. Kilo 8 mara 75 ni mililita 600. Gawanya kwa saa 4, unapata mililita 150 kwa saa. Kijiko cha chai hubeba mililita 5, kwa hiyo kijiko kimoja kila baada ya dakika 2 kinaleta mililita 150 kwa saa barabara. Napenda hesabu hii imalizwe hadi kwenye kijiko, kwa sababu mama hawezi kutekeleza mililita 600, lakini anaweza kutekeleza kijiko kimoja kila dakika mbili.

Kabla ya kijiko kuna kuchanganya, na pakiti isomwe kwanza. Tuliyokuwa nayo ilikuwa ya lita 1. Chupa za maji zilizokuwa kitandani zilikuwa za nusu lita, na mwanafunzi asiyekuwa makini huimimina pakiti yote katika chupa moja ikawa nzito mara mbili. Mchanganyiko wa namna hiyo una chumvi nyingi mno kwa mtoto na unaweza kumdhuru. Chupa mbili kamili za nusu lita, pakiti moja, chombo kimoja kikubwa chenye mfuniko, na kitakachobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Maji yawe safi na salama; ziwa liko karibu na ni zuri kulitazama, lakini maji yake hayaingii kwenye chombo hiki bila kuchemshwa.

Safu ya sababu, ile inayouliza kwa nini unafanya unachofanya, wengi huijaza kwa maneno ya kujaza nafasi. Kwa nini kijiko na si kikombe? Kwa sababu mtoto mwenye kiu akipewa kikombe hugugumia, tumbo linajaa ghafla, naye anatapika. Akitapika, mama anasubiri dakika 10, kisha anaanza tena taratibu zaidi ya mwanzo. Kwa nini anyonye katikati ya ORS? Kwa sababu maziwa ni maji na ni chakula kwa pamoja, na kunyonya hakuongezi kuhara. Kope zikianza kuvimba, ORS inasimamishwa na anapewa maji ya kawaida na maziwa ya mama, kwani hiyo ni dalili kwamba maji yamezidi. Zinki miligramu 20 kwa siku itaanza kama ilivyoandikwa na daktari, na itaendelea kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kutakoma mapema.

Hatua hii ina chati ya maji yanayoingia na yanayotoka, nami sina budi kueleza aibu yangu mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi, katika hospitali ambayo sitaitaja, niliachiwa mtoto wa namna hii na nikajaza chati kwa mwandiko mzuri: 150, 150, 150, 150. Muuguzi aliyekuwa msimamizi wangu alisoma, akainama, akakiinua kikombe kikubwa kilichokuwa chini ya kitanda. Kilikuwa kimejaa zaidi ya nusu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, haya uliyoyaandika yako ndani ya nani?" Nilikuwa nimeandika yaliyoagizwa badala ya yaliyonywewa. Tangu siku hiyo najua namna ya kuitambua chati ya uongo bila kuinua kikombe: tarakimu zake zinafanana. Mtoto wa kweli hanywi kwa usawa.

Mtoto wetu hakunywa kwa usawa. Saa ya kwanza, mama akiwa na nguvu na kijiko mkononi, alikunywa mililita 130. Saa ya pili mama alichoka, akaona kijiko kinachelewesha, akampa kikombe; zikaingia mililita 140 kwa haraka na kama 60 zikarudi kwa kutapika. Katika saa ya tatu alipumzishwa dakika 10 na kuanza upya polepole, akapata 60 tu. Saa ya nne bibi alishika kijiko, zikaingia 110. Jumla ni mililita 440, ukitoa zilizotapikwa zinabaki 380 hivi, na ndani ya muda huo ameharisha mara mbili.

Saa 5, katikati ya hayo, nilikaa na mama kuhusu titi. Sikumwambia kwamba ameambiwa uongo, maana aliyemwambia alikuwa ameketi pembeni yetu. Nilimwuliza bibi kama wajukuu wake wengine waliwahi kuharisha wakinyonya, akasema wengi. Nikamwuliza kama waliacha titi, akafikiri, akasema wengine hawakuacha na walipona. Halafu yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia mkwewe, "Mpe basi, mama, ana njaa." Mtoto alinyonya kwa dakika kumi na akasinzia kidogo.

Slaidi ya sita ni fupi kuliko zote, ina mistari mitatu: lengo limefikiwa, limefikiwa kwa sehemu, halikufikiwa. Kwa kuwa ni fupi, wanafunzi huijaza kwa neno moja wakati wa kukabidhi zamu, na mara nyingi neno lenyewe ni "limefikiwa". Ninawataka waichukue orodha ya lengo na kuijibu mstari kwa mstari, kwa mikono juu ya mtoto, si kwa kumtazama kutoka mezani.

Saa 7 mchana ngozi ilifinywa mahali pale pale kwa namna ile ile, na mkunjo bado ulionekana kidogo kabla ya kulala. Bado taratibu. Alikuwa ametulia kuliko asubuhi, jambo ambalo mama alilithibitisha. Kikombe bado alikitamani kwa pupa. Alikojoa mara moja, saa 6 na nusu, na bibi aliuona mkojo: kidogo, wa njano iliyokolea. Uzito, bila nguo, mzani ule ule, kilo 8.2. Macho bado yamebonyea. Lengo limefikiwa kwa sehemu: utulivu, mkojo na uzito vimefikiwa, ngozi na kiu bado.

Mwanafunzi anayeishia hapo amejaza fomu. Anayeendelea anajiuliza kwa nini, na hapa ndipo ninapourudia ule mduara wa slaidi ya kwanza. Mshale wa tathmini haurudi mwanzo tu, unaweza kurudi kwenye hatua yoyote ile. Je, taarifa za mwanzo zilikosewa? Tukampima tena zile ishara nne, bado yuko kundi lile lile la kati, hajateremka. Je, tatizo lilitambuliwa vibaya? Hapana. Je, lengo lilikuwa la kupindukia? Saa 4 zilikuwa halali. Kosa likaonekana kwenye utekelezaji, katika saa ya pili, pale kijiko kilipogeuka kikombe. Na nyuma ya kosa hilo kuna kosa letu sisi: tulimkabidhi mama mmoja, ambaye hakulala usiku kucha, kazi ya kunyanyua kijiko mara 120 bila kumpangia mtu wa kumpokea.

Kama mpango usingekuwa na chati ya kweli, tusingeliona hilo. Chati ya 150 nne zinazofanana ingesema kwamba mtoto amekunywa zote 600 na bado amekauka, na daktari anayesoma maneno hayo angekuwa na haki ya kudhani kwamba ORS imeshindwa, akaagiza dripu. Mtoto angechomwa kanula kwa sababu ya mwandiko.

Mpango uliorekebishwa ulikuwa hivi. Mpango B urudiwe kwa saa 4 nyingine, kuanzia saa 7 hadi saa 11 jioni, kwani ndivyo inavyotakiwa kwa mtoto aliyebaki katika kundi la kati, na sasa aanze kupewa chakula pia. Mama na bibi wapokezane kijiko kila nusu saa, kikombe kiondolewe mbele ya macho ya mtoto. Mwanafunzi apite kila nusu saa na kusoma kikombe kilichobaki kabla ya kuandika. Akilegea, akashindwa kunywa, au ngozi ikizidi sekunde 2, daktari aitwe papo hapo, maana hapo ni Mpango C na maji kwa mshipa.

Utambuzi wa pili nao ulitathminiwa, na hapa sikubali maneno "mama ameelewa". Kuelewa hakuonekani. Kinachoonekana ni kwamba mtoto amenyonya mara tatu kati ya saa 5 na saa 7, na kwamba tulipompa mama pakiti mpya, chupa mbili na chombo, alichanganya mwenyewe bila kuelekezwa, isipokuwa mara moja alipotaka kuongeza sukari ili mtoto aipende zaidi. Tulimzuia na kumweleza kwamba sukari ikizidi huvuta maji kuyaingiza tumboni na kuhara huongezeka. Kwenye fomu tukaandika hivyo hivyo, pamoja na ile sukari, ili zamu ya usiku ijue mahali pa kurudia somo.

Saa 11 jioni ngozi ilirudi papo hapo. Mtoto alikuwa amekaa mapajani mwa bibi, anakunywa kijiko na kukikataa kinachofuata, amekojoa mara mbili, uzito kilo 8.5. Kwenye safu ya tathmini mwanafunzi aliandika matokeo ya kila mstari na saa yake, kisha akafunga utambuzi wa kwanza na kuuacha wa pili wazi hadi siku ya kuruhusiwa, kwa kuwa mama bado hakuwa amejifunza kumpa mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuharisha akiwa nyumbani, wala dalili za kumrudisha hospitali: damu kwenye kinyesi, kushindwa kunywa, homa, au hali kuwa mbaya zaidi. Akaniletea fomu niisaini. Kabla ya kusaini nilikwenda kitandani, nikainama, nikakiinua kikombe.